Azima Maji ya Mstari Uleule

Mteja akileta picha ya bahari na kuomba chombo kiondolewe, mara nyingi husema maneno yaleyale: "Maji yamejaa tele hapo, si unafunika tu?" Ni kweli maji yamejaa tele. Lakini katika miaka niliyofanya kazi ya kusafisha picha kwenye karakana ya uchapaji Kariakoo, Dar es Salaam, nimejifunza kwamba maji yanayofaa kuziba pengo ni machache mno kuliko yanavyoonekana. Yanayofaa ni yale yaliyo kulia au kushoto kwa chombo, kwenye mstari uleule wa ulalo. Maji ya juu yake ni madogo mno, na ya chini yake ni makubwa mno. Kanuni hii moja ndiyo inayonyoosha upeo wa macho, na ndiyo inayoyafanya mawimbi yaungane.

Aliyenifundisha ni fundi mzee aliyeanza kazi zama za chumba cha giza, akifuta madoa kwenye picha zilizokwisha kuchapwa kwa brashi nyembamba na wino. Kompyuta ilimkuta akiwa mtu mzima, akaipokea kama chombo kingine tu cha kazi. Kila tulipopata picha ya bahari, jambo lake la kwanza lilikuwa kuchukua rula ya chuma na kuiweka kwenye skrini, sambamba na mstari ambapo maji yanakutana na mbingu. "Mwanangu," aliniambia, "bahari haina ukuta wala nguzo ya kukuongoza. Ina mstari mmoja. Anza nao."

Kazi iliyonifundisha zaidi ilikuwa ya ukurasa wa kalenda. Picha ilipigwa asubuhi, msimu wa kusi, kutoka sitaha ya juu ya boti iendayo Unguja, muda mfupi baada ya kutoka Dar es Salaam. Mpiga picha alielekeza kamera mashariki, kwenye bahari iliyo wazi. Jua lilikuwa mbele yake upande wa kushoto, na mawimbi yalikuwa yakitoka kulia kwenda kushoto, yakisukumwa na upepo wa kusini. Katikati ya picha palikuwa na mashua iliyotweka tanga, na karibu zaidi palikuwa na boya la rangi ya chungwa. Mteja alitaka bahari tupu, kwa sababu jina la mwezi na tarehe zingechapwa juu ya maji.

Picha ilikuwa na upana wa pikseli 6,000 na kimo cha pikseli 4,000. Kabla ya kugusa mashua, tuliukagua upeo wa macho, na ulikuwa na matatizo mawili. La kwanza lilikuwa mpindo. Lenzi pana huvimbisha mistari kutoka katikati ya picha kwenda nje. Upeo ukiwa juu ya katikati ya fremu, huinuka kati na kushuka pembeni kama mgongo wa kilima, na ukiwa chini ya katikati huzama kati kama bakuli. Huu huondolewa kwanza, kwa `Filter > Lens Correction`, kwa sababu mstari uliopinda hauna pembe moja unayoweza kuipima. La pili lilikuwa mwinamo. Baada ya mpindo kuondoka, ncha ya kushoto ya upeo ilikuwa kwenye safu ya pikseli 1,412 kutoka juu, na ncha ya kulia kwenye safu ya 1,475. Tofauti ya pikseli 63 katika upana wa 6,000 ni mwinamo wa digrii 0.6 hivi. Jicho linaweza kuusamehe mwinamo huo kwenye picha nzima, lakini kazi yetu isingeusamehe. Ukinakili kipande cha upeo na kukisogeza pikseli 900 kando, mwinamo huo hukuachia ngazi ya pikseli 9 mahali ambapo mstari wa zamani unakutana na mpya. Msomaji wa kalenda hatajua jina la kosa, ila ataona kwamba bahari imevunjika.

Kunyoosha ni rahisi. Unachukua Ruler Tool, unavuta mstari kutoka ncha moja ya upeo hadi nyingine, kisha unafungua `Image > Image Rotation > Arbitrary`, na pembe huwa imeshajazwa. Anayetumia GIMP, ambayo ni ya bure, ana zana ya Measure yenye kitufe cha Straighten. Baada ya hapo unashusha mstari wa mwongozo kutoka rula ya juu ya skrini na kuuangalia mahali patatu: kushoto, katikati na kulia. Ukigusana na upeo pembeni lakini ukaachana nao katikati, mpindo haujaisha na unarudi hatua moja nyuma. Sisi tulipomaliza, upeo ulikaa kwenye safu ya 1,400 kutoka ukingo hadi ukingo.

Sasa kwa nini mstari wa ulalo uwe na nguvu hivyo? Bahari ni uwanda bapa unaokimbia mbali na kamera. Kadiri sehemu ya maji inavyokuwa mbali, ndivyo inavyopanda juu kwenye picha kuukaribia upeo, na ndivyo kila kitu kilichopo hapo kinavyokuwa kidogo. Uhusiano wake ni wa moja kwa moja: upana wa wimbi kwenye picha hulingana na umbali wake chini ya upeo. Wimbi lililo pikseli 600 chini ya upeo huonekana pana mara mbili na nusu kuliko wimbi la ukubwa uleule lililo pikseli 240 chini ya upeo. Nafasi kati ya wimbi na wimbi la nyuma yake hubanwa zaidi, kwa kipeo cha pili cha uwiano huo. Kwa hiyo ukitoa maji yaliyo pikseli 600 chini ya upeo na kuyapeleka pikseli 240 chini yake, ungelazimika kupunguza upana hadi asilimia 40, na nafasi kati ya mawimbi hadi asilimia 16. Clone Source inaweza kupunguza vyote viwili, lakini haitakupa kimo sahihi cha kila wimbi papo hapo. Ukisogea kando tu, hupunguzi chochote. Umbali ni uleule, ukubwa ni uleule, na nafasi ni zilezile.

Nilitaka kujua ni kosa kiasi gani linavumilika, maana mkono wa mtu si mashine. Kwa mazoea nimejiwekea kipimo: gawanya umbali kutoka upeo kwa 20, na usipande wala kushuka zaidi ya hapo. Pikseli 600 chini ya upeo ninaweza kuteleza pikseli 30 na ukubwa wa mawimbi hautatofautiana kwa zaidi ya asilimia 5. Pikseli 240 chini nina nafasi ya 12. Pikseli 20 chini nina moja tu, na kwenye upeo wenyewe sina hata moja. Hii ndiyo sababu watu wengi hufanikiwa kufuta kitu kilicho karibu na kushindwa kufuta kilicho mbali, ingawa cha mbali ni kidogo. Karibu na upeo hakuna pa kuteleza.

Kipimo kingine kilichonisaidia kinatoka hapohapo. Kitu chochote kinachoelea ambacho ni kirefu kuliko kimo cha kamera juu ya maji kitaupita upeo na kuingia mbinguni, kiwe karibu au mbali. Kifupi kuliko kamera hubaki chote ndani ya maji. Sitaha ile ilikuwa kama mita 8 juu ya bahari. Mlingoti na foromali ya mashua vilizidi kimo hicho, ndiyo maana ncha ya tanga ilifika safu ya 1,340, pikseli 60 juu ya upeo, huku ubavu wa chombo ukigusa maji kwenye safu ya 1,640. Boya lilielea kwenye safu ya 2,000, mbali kabisa na upeo. Basi boya lilikuwa kazi ya maji peke yake, na mashua ilikuwa kazi tatu: mbingu, upeo na maji.

Tulianza na boya. Juu ya tabaka jipya tupu nilichukua Healing Brush, nikaweka Sample kuwa Current & Below, nikashika Alt na kubofya maji ya kando, kwenye safu ileile. Healing Brush huchukua umbile la chanzo na kulichanganya na rangi na mwanga wa mahali linapopelekwa. Katikati ya maji huo ni msaada mkubwa, kwa sababu tofauti ndogo za mwanga hujirekebisha zenyewe. Jambo la kuangalia ni mpaka wa kazi. Boya lenyewe lilikuwa na upana wa pikseli 40 hivi, lakini rangi yake ya chungwa ilikuwa imemwagika kwenye mawimbi ya mbele yake, vipande vipande, karibu mara mbili ya kimo chake. Maji yanayocheza huivuta taswira ya kitu na kuirefusha. Brashi ikiishia ukingoni mwa boya, rangi hiyo iliyobaki huvutwa ndani ya pengo na kuacha doa la kutu. Unasafisha boya, taswira yake, na viduara vya maji vinavyolizunguka, vyote kwa pamoja.

Mashua ilihitaji njia nyingine. Kwanza tulijaribu Content-Aware Fill kwa mipangilio yake ya kawaida, na Mzee akaniita nitazame kwa karibu. Palikuwa na povu jeupe, pana na wazi, pikseli chache tu chini ya upeo. Zana ilikuwa imelichukua kutoka maji ya karibu. Kwa ukubwa ule na mahali pale, wimbi lile lingekuwa la kumeza meli. "Maji ya karibu hayapelekwi mbali," alisema. Tangu hapo, nikiitumia zana hiyo, nafuta eneo la kijani linaloonyesha inapochota, nikiacha tu ukanda wa safu zilezile kulia na kushoto. Ikilazimishwa kuchota kando, hufanya kazi vizuri zaidi.

Lakini upeo wenyewe hatukuuachia zana yoyote inayochanganya rangi. Healing Brush ikipita mahali mbingu nyeupe inapokutana na maji meusi, huvuta weupe chini na weusi juu, na mstari hugeuka ukungu. Unaweza kujikinga kwa kuchora kwanza eneo linalofuata mpaka huo kwa usahihi, ili rangi za ng'ambo zisiingie, na kwa mbingu tulifanya hivyo. Kwa upeo tulihamisha kipande kizima. Nilichukua Rectangular Marquee Tool, nikachora mstatili mpana kuliko mashua, upande wa kulia ambako hapakuwa na chochote, kuanzia mbinguni juu ya kimo cha tanga mpaka chini ya ubavu wa chombo. Nikabonyeza Ctrl+J ukawa tabaka lake. Kisha kwa Move Tool, nikiwa nimeshika Shift ili kisipande wala kushuka, nikakisukuma kushoto mpaka kikaifunika mashua. Upeo wa kipande ukalala juu ya upeo wa picha, pikseli kwa pikseli. Hapo ndipo unapoiona faida ya kunyoosha mwanzo.

Kilichobaki ni vitu viwili, mwanga na kingo. Kwa kuwa jua lilikuwa kushoto, bahari ilikuwa ikififia taratibu kuelekea kulia. Maji yaliyozunguka mashua yalikuwa na wastani wa mwanga wa 138 katika kipimo cha 0 hadi 255, na maji ya kipande yalikuwa 129. Ili kupata wastani huo unaiweka Eyedropper isome eneo la pikseli 101 kwa 101. Ikisoma pikseli moja inaweza kuangukia kwenye mmemeto na kukudanganya. Juu ya kipande nikaweka Curves iliyofungwa kwa tabaka hilo peke yake, nikaukaza mwanga mpaka namba zikakutana. Mbingu ilikuwa na tofauti yake, ndogo zaidi, kwa hiyo nilitenganisha marekebisho ya mbingu na ya maji kwenye mstari wa upeo.

Fundi mwenzangu alipendekeza tuchukue maji ya kushoto na kuyageuza kama kwenye kioo, ili mwanga ukutane kwenye mshono. Mzee alimwonyesha mawimbi. Upepo wa kusi ulikuwa ukiyasukuma kutoka kulia, kwa hiyo kila wimbi lilikuwa na mteremko mrefu nyuma na ukuta mfupi ulioelekea kushoto, wenye mwanga wa jua. Ukiligeuza, ukuta ule unatazama kulia na kung'aa upande ambao jua halipo. Hapo kuna pepo mbili na majua mawili katika bahari moja. Pembe ya mawimbi ni ya kuheshimiwa kama upeo wenyewe.

Kingo ndizo zilizochukua muda mrefu zaidi. Kipande cha mstatili kina kuta mbili zilizosimama wima, na baharini hakuna kitu kinachosimama wima. Nikakiwekea maski na kuanza kufuta kingo kwa brashi laini, nikifuata umbo la maji. Mahali pazuri pa kuficha mshono ni kwenye bonde la wimbi, penye kivuli, ambapo hakuna alama kali. Mahali pabaya ni kwenye mgongo wa wimbi, kwa sababu mgongo ni mstari, na mstari uliokatika huonekana mara moja. Kwa hiyo nilikuwa nikichagua mgongo mmoja nje ya kipande, naufuata kwa jicho mpaka kwenye mshono, na kuuliza unakwenda wapi. Ukikutana na mgongo mwingine ndani ya kipande, hata kwa tofauti ya pikseli chache, niliuunganisha kwa Clone Stamp ndogo, nikichota kando. Ukifika mshononi na kufa, niliusogeza mshono mpaka mahali ambapo mgongo huo ulikuwa unaisha wenyewe. Pale ilipokuwa omo ya mashua na pale ilipokuwa tezi nilikagua kwa uangalifu zaidi, kwa sababu chombo kinachokwenda hukata maji mbele na kuacha mkia wa povu nyuma. Mkia ule ulikuwa umetoka nje ya kipande. Bahari yenye mkia wa povu usio na chombo humfanya mtazamaji akitafute kilichopita.

Ukaguzi wetu ulikuwa na hatua tatu. Kwanza, tulitengeneza nakala ya picha na kuibana upana wake kutoka 6,000 hadi 600 bila kubadili kimo. Upeo ukibanwa hivyo, kila kishimo na kila ngazi hujitokeza, hata ya pikseli 2, kwa sababu mteremko wake unakuwa mkali mara kumi. Pili, tuliweka Curves ya muda yenye mkazo mkali mno. Hapo kipande ambacho mwanga wake haujakutana na wa jirani hutokea kama kiraka. Tatu, tulitafuta mapacha. Chanzo kilikuwa karibu na pengo, kwa hiyo povu moja lilikuwa linaonekana mara mbili kwenye safu moja. Jicho la mtu hukamata marudio upesi kuliko linavyokamata doa. Tukabadilisha pacha mmoja kwa maji ya mbali zaidi, palepale kwenye safu yake.

Marudio hayo yana historia nje ya kalenda. Mwezi Agosti 2006 shirika la habari la Reuters liliondoa picha ya Adnan Hajj iliyoonyesha moshi juu ya Beirut, baada ya watazamaji kuona kwamba moshi ulikuwa umenakiliwa na maumbo yaleyale yakijirudia. Huo haukuwa upungufu wa ufundi peke yake. Picha ya habari ni ushahidi, na kuongeza au kuondoa kitu ndani yake ni kubadilisha ushahidi. Katika karakana yetu mpaka ulikuwa wazi: kalenda, jalada la daftari, tangazo lenye nafasi ya maandishi, tulisafisha. Picha ya gazeti, ya uchunguzi wa ajali, au inayoonyesha njia ya kuingilia bandarini, hapana, hata kama kinachoombwa kuondolewa ni boya moja. Boya la bandarini humwambia nahodha mahali pa kupita, na picha isiyokuwa nalo inamdanganya.

Upo pia mpaka wa ufundi. Njia ya kuazima kando hudai kuwe na kando. Chombo kikienea upana mwingi wa fremu, au maji ya pembeni yake yakawa yamejaa vyombo vingine, safu ile haina tena cha kukopesha. Katika hali hiyo huwa namwambia mteja mapema kwamba kazi haitatoka vizuri, kisha namwuliza mpiga picha kama ana fremu nyingine ya dakika ileile. Wapiga picha wanaotufanyia kazi sasa tunawaomba hivyo tangu mwanzo: ukiona chombo mbele yako, piga picha, kisha ukiwa palepale sitahani, kwa kimo kilekile na lenzi ileile, geuza kamera kidogo kando na upige maji matupu. Fremu hiyo ya pili ina mawimbi ya ukubwa sawa, upepo uleule na jua lilelile, na pengo la mashua huzibika kwa maji ambayo hayajaonekana popote pengine kwenye picha.